Meli, Panya, Barua, Mlima, Pete: mstari wako na mchumba wa Muscat

Mdogo wangu, uliniuliza kama uchumba huu utafika kwenye ndoa, yeye Muscat na wewe Tanga. Nimechanganya karata zote 36 za Lenormand, zile za kupigia ramli, nikatoa tano: Meli (3), Panya (23), Barua (27), Mlima (21) na Pete (25).

Naanzia katikati, maana karata ya kati ndiyo kiini cha mstari. Ni Barua. Umeuliza kuhusu ndoa, karata zimejibu kuhusu mawasiliano. Kushoto kwake kuna Panya, na Panya hutafuna kilicho jirani yake. Meseji zenu zinafika zimeliwa: anaandika "nimechoka", wewe unasoma "nimekuchoka", unakaa na hilo neno usiku kucha bila kumuuliza. Saa zetu na za Muscat zinapishana saa moja tu, kwa hiyo tusisingizie saa.

Meli ni yeye, ni safari na kazi ya ughaibuni. Panya akiikaribia Meli, huwa naangalia pesa pia. Kuna fedha anazotuma zinazoishia njiani, kwa ada au kwa mikono mingi ya ndugu, na nadhani yeye anaona aibu kukwambia kiasi gani kimebaki. Hapo ndipo ukimya wake unapotoka.

Ulichokihofia zaidi sikioni. Nyoka hayumo, Mbweha hayumo. Katika mstari huu hakuna mwanamke mwingine, na ningekwambia angekuwepo.

Mlima uko kulia kwa Barua, yaani mbele yenu: jibu litachelewa. Mlima umegusa Pete, na Pete ndiyo ahadi yenyewe, hivyo ndoa imezuiliwa, haijavunjwa. Jeneza lingekaa pale ningesema vingine.

Sasa soma kwa kukunja mstari, ya kwanza kwa ya mwisho. Meli na Pete zinatazamana: ahadi yenu imefungwa na safari tangu mwanzo, na itabidi mkubaliane upya safari hiyo inaishia wapi. Panya na Mlima zinatazamana pia. Vijimambo vinavyotafuna kila siku ndivyo vinavyojilimbikiza hadi kuwaziba njia. Kwangu, hii ndiyo jozi nzito kuliko zote.

Namba zikijumlishwa ni 99, na 9 na 9 ni 18: Mbwa. Najua pwani yetu Mbwa hana sifa nzuri, lakini katika Lenormand ni rafiki asiyekuacha. Nilifurahi sana kumwona.

Jibu langu ni ndiyo, ila si mwaka huu kama ulivyopanga. Usimwandikie, mpigie, siku ambayo hana zamu. Muulize mkataba wake unaisha lini, ameweka akiba kiasi gani, na yeye anataka mkaishi wapi. Mwache amalize kujibu moja ndipo uulize lingine. Na lile neno "nimechoka" mtajie, akueleze mwenyewe alichoka nini.