Chanjo za watoto, Februari 2026: tangazo kwa wazazi wa Matondoni na walio karibu

Assalaam aleikum kina mama, kina baba, na nyanya mnaolea wajukuu.

Tumepitia daftari la chanjo la zahanati na kuna watoto zamu yao inafika mwezi huu. Nitaanza na waliozaliwa Agosti 2024, kwa kuwa hao ndio wanaonitia wasiwasi. Wanatimiza mwaka na nusu, na wanatakiwa kudungwa sindano ya pili ya surua na rubela. Nikiwauliza mama zao, jibu ni moja: "Sista, si amemaliza? Alidungwa ya miezi tisa, kisha akadungwa ile ya kampeni."

Hajamaliza. Kampeni ya Julai 2025, ile ya surua, rubela na homa ya matumbo, ilikuwa ya kila mtoto wa umri wake, awe amechanjwa kabla au hajachanjwa. Ilikuwa ni nyongeza, haichukui nafasi ya sindano ya miezi 18. Fungueni kijitabu ukurasa wa chanjo. Kama kwenye surua na rubela nafasi ya miezi 18 iko wazi, mtoto anadaiwa. Na hiyo sindano ina sababu yake: katika watoto 100 wanaodungwa mara moja wakiwa na miezi 9, wapata 15 miili yao haitengenezi kinga. Kwa kumtazama tu hatuwezi kujua ni yupi. Sindano ya pili ndiyo inayowafikia hao.

Wengine wa mwezi huu ni hawa. Aliyezaliwa kati ya 23 Desemba na 13 Januari anatimiza wiki 6: matone ya polio, matone ya rota ya kuzuia kuharisha, sindano ya nimonia, na ile moja inayokinga magonjwa matano (dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na homa ya Hib inayoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo). Waliozaliwa kati ya 25 Novemba na 16 Desemba wanarudi kwa wiki 10, na wa kati ya 28 Oktoba na 18 Novemba kwa wiki 14, ambapo huongezwa sindano ya polio juu ya matone. Wa Agosti 2025 wana miezi 6, waje kwa vitamini A. Wa Mei 2025 wana miezi 9, hao ni surua na rubela ya kwanza. Mtoto mchanga ambaye hakupata chanjo ya kifua kikuu alipozaliwa, hasa aliyezaliwa nyumbani, aletwe Jumanne ya kwanza mtakayoweza, msingoje arubaini.

Siku za kliniki ni Jumanne na Alhamisi, saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Chanjo nyingi tunatoa siku zote mbili, ila ya kifua kikuu na ya surua na rubela ni Jumanne pekee. Najua kuna mama alilalamika kuwa tunamzungusha. Sababu ni kichupa. Kichupa kimoja cha surua ni cha watoto 10, cha kifua kikuu ni cha watoto 20, na kikishachanganywa maji hakikai zaidi ya saa sita, hata ndani ya friji, kinachobaki tunamwaga. Kwa hiyo tunawakusanya watoto siku moja. Vichupa tunafungua saa 3, tafadhali muwe mmefika kabla ya saa 5. Lakini ukija Jumanne na mtoto wako akawa peke yake, nitakifungua kwa ajili yake. Bora kumwaga dawa kuliko kumrudisha mtoto.

Mnaokuja kwa mashua, tazameni maji. Jumanne ya tarehe 3 na ya tarehe 17 ni bamvua, asubuhi maji yatakuwa yametoka na mtakwama topeni na watoto mikononi. Tarehe 10 na 24 ni maji mafu, njooni siku hizo. Ramadhani nayo inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 18 au 19, kwa mwezi utakavyoandama. Ukishaanza tutafunga saa 6 mchana ili mpate kwenda kupika futari, ila siku hazibadiliki.

Cha kuleta ni Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, kile ulichopewa kliniki ulipokuwa na mimba. Cha mtoto huyu unayemleta, si cha kaka yake. Mwezi uliopita tulikaribia kumwandika mtoto kwenye kijitabu cha mkubwa wake. Mwenye mapacha alete viwili. Kiwekeni kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu maji ya chumvi yakiingia wino unafutika na tarehe hazisomeki. Baba yuko baharini, mama ana udhuru? Nyanya au shangazi anaweza kumleta mtoto, mradi aje na kijitabu.

Kimepotea? Njoo hivyo hivyo. Leta karatasi ya taarifa ya kuzaliwa au cheti cha kuzaliwa tupate tarehe kamili, nasi tutamtafuta kwenye daftari na kumwandikia kijitabu kipya. Aliyechanjiwa kwingine, King Fahd au Mokowe au Mpeketoni, atuambie ni wapi na mwezi gani, tutawauliza wenzetu. Kukaa nyumbani kwa kuona haya ya kijitabu kilicholiwa na panya ndiko kunakotuachia watoto waliochanjwa nusu.

Aliyechelewa pia aje. Hatuanzi upya, tunaendelea pale alipoachia. Hakuna malipo na hakuna atakayegombezwa. (Kama niliwahi kumgombeza mtu, aniwie radhi.) Mafua, kikohozi kidogo au joto dogo havizuii chanjo. Mtoto akiwa mgonjwa sana mleteni vilevile, tutamtibu kwanza.

Mvalisheni nguo nyepesi, maana tunampima uzani na sindano za wadogo zinadungwa pajani. Baada ya kudungwa mtangoja nusu saa barazani, tuone hali yake. Usiku anaweza kuchemka na kulialia: mnyonyesheni mara kwa mara, mpunguzieni nguo, na dawa ya homa mpeni kwa kipimo tutakachowaandikia. Ya surua inaweza kuleta joto na vipele vidogo baada ya wiki moja hivi, vitaondoka vyenyewe. Ya kifua kikuu hutoa kidonda kidogo mkono wa kushoto baada ya wiki kadhaa, kisha kovu. Hicho kidonda msikipake mafuta, majivu wala dawa ya meno, kiacheni kikauke. Mtoto akipata degedege, akikataa kunyonya, au joto likipita siku mbili, msingoje siku ya kliniki, mleteni saa hiyo hiyo.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wana orodha ya watoto wa kila mtaa na wataanza kupita nyumba kwa nyumba Jumatano tarehe 4. Wakibisha hodi, watoleeni kijitabu wakione. Na mwenye jirani aliyezaa karibuni ambaye hana simu, amsomee tangazo hili.

Muuguzi msimamizi,
Zahanati, Matondoni
2 Februari 2026