Kwa wateja wetu: meza imetimiza miaka 5, asanteni

Wateja wetu wapendwa,

Jumamosi hii meza yetu ya nyanya, vitunguu na viazi inatimiza miaka 5 sokoni. Biashara ya vitu vinavyooza haisimami bila mtu anayerudi kesho, na nyinyi mmekuwa mkirudi. Asanteni sana.

Shukrani zetu za kwanza ni kwa wanaochagua nyanya kwa macho bila kuziminya. Pengine mnaona ni jambo dogo, lakini kwetu ni kubwa. Nyanya ikiminywa asubuhi, hapohapo haionyeshi kitu. Ndani nyama imeshavunjika, na kesho yake pale kidole kilipopita panalainika na kuanza kutoa maji. Maji hayo yakigusa nyanya za jirani, nazo zinafuata. Ndiyo maana tunapanga nyanya tabaka mbili tu, zilizoiva juu na ngumu chini. Ukitaka ya kupika leo au ya kuweka siku tatu, sema tu, tutakutolea inayofaa.

Asanteni pia nyinyi mnaorudisha kilichoharibika siku hiyohiyo badala ya kununa kimyakimya na kuhamia meza nyingine. Kitunguu kinaweza kung'aa kwa nje na kumbe moyo umeoza, hasa kikivunwa shingo ikiwa bado mbichi. Hakuna jicho linaloona hilo mpaka kisu kipite. Mkikirudisha tunabadilisha bila maneno mengi, na gunia lile tunalipekua lote kabla ya kuuza tena. Bila nyinyi tungeendelea kuliuza.

Kwa mnaokuja na vikapu vyenu, Mungu awabariki. Mfuko wa plastiki uliofungwa unatoa jasho, na vitunguu havipendi unyevu: vinaota au vinashika ukungu. Mkifika nyumbani vitoeni, muviweke penye hewa, mbali na viazi. Viazi navyo viwekwe gizani. Vikikaa kwenye mwanga vinageuka kijani na kuwa vichungu, na palipo kijani pana sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo mkiona tumefunika viazi kwa gunia, msidhani tunaficha vibovu. Funueni mtazame, ila mkimaliza mfunike.

Nyanya ambazo hazijaiva msiziweke kwenye friji. Baridi inazizuia kuiva vizuri na ladha inapotea. Zipangeni kivulini, upande wa kikonyo ukitazama chini, bila kuzipandanisha.

Mnaolipa madeni kwa wakati, na hata mnaopita kusema "wiki hii sijajaliwa, nitakuja wiki ijayo", tunawashukuru nyote. Neno hilo linatusaidia kujua tununue magunia mangapi. Daftari linaendelea kuwa wazi kwa mwenye jina lake: ukitaka kuona ukurasa wako, omba. Wa mwenzako hatutakuonyesha.

Kuna wazazi wanaotuma watoto na karatasi iliyoandikwa. Asanteni kwa kutuamini. Mtoto anapimiwa sawa na mtu mzima, na chenji tunaifunga ndani ya karatasi ileile tukiwa tumeandika kiasi. Isipofika, au ikipungua, tuambieni kabla ya kumgombeza mtoto.

Na kuhusu mizani: kabla hatujaweka kitu, tazameni mshale uwe kwenye sifuri beseni likiwa tupu juu yake. Usipokuwa sifuri, tusimamisheni. Hatutakasirika, hiyo ni haki yenu.

Sasa Jumamosi. Tutafungua saa 1 asubuhi na kufunga saa 12 jioni kama kawaida. Kila atakayenunua kuanzia kilo moja ya chochote atapewa vitunguu vitatu vya nyongeza, vikavu, vya ukubwa wa wastani, kutoka kwenye gunia lilelile tunalouza. Hatujatenga masalo kwa ajili ya zawadi. Nyongeza ni mara moja kwa kila nyumba ili wengi wafikiwe, na mwenye deni naye anapata kama wengine. Bibi na babu wasioweza kufika, watume mtu na jina lao, tutampa.

Asubuhi mapema huwa pamejaa, hivyo asiye na haraka aje baada ya saa 5. Wajawazito, wazee na wenye watoto mgongoni wapite mbele. Tunawaomba wengine muwapishe kama mnavyofanya siku zote.

Vitunguu vya nyongeza tutatoa kiasi cha magunia mawili. Yakiisha tutabandua karatasi ya tangazo iliyo mbele ya meza, ili asije mtu akapanga foleni bure.

Karibuni sana, na asanteni.

Sisi wauzaji wenu wa meza ya nyanya na vitunguu