Kikao cha Jumamosi, kwa mliokosa

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za leo. Najua kuna waliokosa kikao chetu sisi tunaouguza wagonjwa wa kiharusi, juzi Magomeni, na wameanza kuniuliza inboksi "vipi, iliendaje, nani alikuja", kwahiyo naandika hapa mara moja ili wote mpate sawa. Someni taratibu, ni ndefu kidogo.

Kwanza hilo la nani alikuja sitalijibu, wala tulikuwa wangapi. Mwaka jana niliwahi kuandika muhtasari wa kikao, nikaficha jina la mtu nikidhani nimemaliza, kumbe nimeacha kitu kidogo tu kuhusu nyumbani kwake na grupu letu lenyewe ni dogo hivi, watu walijumlisha moja na moja jioni ile ile wakamjua. Alinipigia usiku. Hakunigombeza, aliniuliza tu "dada, sasa mi nitaongea wapi tena?" na ile sauti mpaka leo naisikia. Tangu siku hiyo hata "kuna mwenzetu mmoja alisema" siandiki, maana kwetu sisi huyo mwenzetu mmoja anajulikana kabla hujamaliza sentensi. Kinachofuata hapa ni vile tulivyokubaliana wote mwisho wa kikao kwamba vinaweza kutoka nje ya chumba, nilivisoma kwa sauti kimoja kimoja na kile ambacho hata mtu mmoja alisita nimekiacha.

Tulifungua kama kawaida kwa kusoma makubaliano yetu. Kinachosemwa hapa kinabaki hapa, hatupeani ushauri bila kuombwa, mtu ana haki ya kukaa kimya mpaka mwisho na asiulizwe kwanini. Na ile ya nne ambayo tunaisoma kila kikao: siri ina mpaka pale maisha ya mtu yakiwa hatarini, iwe mwenyewe anataka kujidhuru au mgonjwa anaumizwa, hapo mwezeshaji atamshika mkono atafute msaada pamoja naye. Narudia, hii tunaisoma KILA mara, msiitafsiri kuwa kuna jambo limetokea.

Mada ilikuwa ile tuliyoitangaza tangu wiki mbili nyuma, uchovu wa mtu anayeuguza mgonjwa wa kiharusi nyumbani. Tulizungumza usingizi unaokatika katika, tulizungumza hasira na ile hatia inayokuja baada ya hasira, afu tukagusa suala la ndugu, wanaosaidia na wanaosaidia kwa simu tu. Kuhusu ndugu maneno ambayo grupu imekubali niyatoe ni haya: kuomba msaada kwa kazi inayojulikana ("njoo Jumapili saa nne mpaka saa nane ukae naye") kunafanya kazi kuliko kulalamika kwa ujumla kwamba umechoka, maana mtu akiambiwa umechoka atakwambia pole na simu inakata. Hela tuliigusa kidogo, muda ukaisha. Zaidi ya hapo nani aliishi nini kati ya hayo ni mali ya waliokuwepo. Kama ulikosa ukahisi hiyo mada ni yako, basi ni yako, itarudi tena, hujapitwa.

Sasa somo la nesi hili naweza kuliandika lote maana lilipangwa kabla na si stori ya mtu. Alikuja na shuka la zamani, akaweka mito miwili mirefu mkekani ndo ikawa mgonjwa wetu. Shuka unalikunja mara mbili, unalipitisha chini ya mgonjwa kuanzia mabegani mpaka chini ya makalio, afu watu wawili mnasimama huku na huku mnaviringisha pembeni mpaka ngumi zenu ziguse mwili, mnahesabu moja mbili tatu mnanyanyua kidogo na kusogeza. Unanyanyua, huburuzi, kuburuza ndo kunachuna ngozi. Na mgongo wako unapona pia, magoti ndo yakunje, sio kiuno.

Mgonjwa asiyejigeuza mwenyewe ageuzwe kila baada ya masaa mawili hivi, na kila ukigeuza angalia kisigino, nyonga, juu ya makalio na kwenye mabega. Ukiona pamekuwa pekundu, au kwa ngozi zetu nyeusi pameiva rangi kuliko kawaida, pana joto au pamekuwa pagumu, na hapatulii ukishamtoa uzito pale, hapo ndo vidonda vya kulalia vinapoanza. Usipasugue. Wengi tumelelewa kwamba panapouma pasuguliwe kwa mafuta, nesi alikataa kabisa. Mtoe uzito pale na umwone mhudumu wa afya mapema.

Mkono uliopooza usiuvute wakati wa kumnyanyua, bega lake ni jepesi kuchomoka. Kula, akae wima kabisa, vijiko vidogo, akishamaliza asilale mpaka nusu saa ipite. Akikohoa kila akinywa maji au sauti ikawa kama ina maji ndani, usilazimishe, mpeleke waangalie anavyomeza.

Kingine, na hiki naomba mkisome mara mbili. Kiharusi kinaweza kumfanya mtu alie au acheke bila sababu, na takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupata sonona baadaye. Kwahiyo mgonjwa kununa, kukataa mazoezi, kutupa kijiko, si lazima iwe jeuri au kwamba hakupendi. Ni ugonjwa, una matibabu, msemeeni kliniki kama mnavyosemea presha. Na dawa ya presha haiachwi kwa sababu eti leo imeshuka, imeshuka kwa kuwa anameza.

Dalili za kiharusi kipya ni zile zile: uso kuanguka upande mmoja, mkono kukosa nguvu, maneno kukorogeka. Hapo hakuna kusubiri asubuhi, angalia saa dalili zimeanza muda gani na ukimbie hospitali. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa anayefaa kupewa, dirisha lake ni kama masaa manne na nusu tu, na jiji hili na foleni zake mnalijua.

Naomba sana sana: msiulize humu kwenye grupu nani alisema nini, wala msiwapigie waliokuwepo kuwachimba, hata kwa nia nzuri ya kutaka kumpa mtu pole. Mtu akitaka kukwambia atakwambia mwenyewe. Meseji hii isifowadiwe, isipigwe skrinshoti, na kama unatumia simu moja na mtu mwingine nyumbani ifute ukishasoma. Mwenye la kwake nipigie, saa tatu usiku mi nakuwa nimeshamlaza mama, naongea vizuri.

Kikao kijacho Jumamosi ya wiki mbili zijazo, saa nane mchana, chumba kile kile, ukija na mwendokasi shuka Magomeni Mapipa. Chai ni 2,000, asiye nayo aje tu, hakuna anayeandikwa. Tutapanga pia tutafanya nini tarehe 29 Oktoba, Siku ya Kiharusi Duniani. Mwenye shuka la zamani la pamba aje nalo, safari hii kila mmoja atajaribu kunyanyua mwenyewe.