Kitufe cha Kijani

Rehema alitoka Muheza mwaka 2023 kwenda Nairobi kusomea uhasibu. Alipita Horohoro na Lungalunga kwa basi hadi Mombasa, kisha akapanda treni ya SGR hadi Syokimau. Mwaka wa kwanza haukumpa shida ya usajili, kwa kuwa idara yenyewe ndiyo iliyowaingizia wanafunzi wapya masomo yao, ambayo Nairobi huitwa yuniti. Mwaka wa pili kila mwanafunzi alitakiwa kuingia katika potali ya chuo, kuchagua yuniti zake na kuzituma kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, tarehe 13 Septemba 2024.

Siku hiyo alikuwa chumbani kwake Ngara, simu ikiwa mkononi na mtandao ukisuasua, maana maelfu ya wanafunzi walikuwa wameacha kazi hiyo hadi dakika za mwisho kama yeye. Hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa Zainabu, dada wa Tanga aliyemtangulia chuoni kwa mwaka mmoja, alikuwa amemtumia picha ya skrini yenye duara jekundu kuzunguka kitufe cha kijani kilichokuwa chini kulia. Chini yake alikuwa ameandika, "Ukimaliza kuchagua, bonyeza hiki, basi." Rehema alichagua yuniti sita, akashuka hadi mwisho wa ukurasa, akakiona kitufe cha kijani chini kulia, akakibonyeza. Maandishi madogo yalipita juu ya skrini na kutoweka. Alipiga picha ya skrini ya ukurasa wote, akamshukuru Mungu, akaenda kununua chapati na maharagwe.

Picha hiyo aliituma mara mbili. Katika kundi la darasa aliikata kwanza, akaondoa sehemu ya juu iliyoonyesha salio la karo, kwa kuwa hakutaka wenzake wajue baba yake bado anadaiwa. Kwa baba yake, muuza machungwa, aliituma nzima, tena kama faili na si kama picha, kwa sababu mzee alikuwa na desturi ya kuchapisha nyaraka zote za chuo katika duka la vifaa vya ofisi pale Muheza na kuziweka kwenye jalada, na picha za kawaida za WhatsApp zilikuwa zikifika zimefifia. Otieno, mwakilishi wa darasa, alijibu kwa dole gumba. Baba alijibu kwa sauti: "Hongera mwanangu. Nimeiona."

Wiki ya tano ya muhula mhadhiri wa kodi aliingia na orodha ya wanafunzi watakaofanya jaribio la kwanza. Alisoma majina hadi mwisho bila kulitaja la Rehema. Alipomfuata mezani, mhadhiri aliikagua orodha tena kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akasema, "Kwangu haupo. Nenda kwa msajili leo hii, usingoje kesho."

"Lakini mwalimu, nilijisajili. Picha ninayo."

"Basi nenda nayo."

Alitoka akiwa na uhakika kwamba potali ndiyo iliyokosea, na njia nzima aliyapanga maneno ya kumwambia karani. Jambo jingine lilimtia hofu zaidi ya jaribio lenyewe. Kibali chake cha mwanafunzi kilikaribia kwisha, na ombi la kukihuisha, linaloshughulikiwa na Idara ya Uhamiaji yenye makao yake Nyayo House, lilihitaji barua ya chuo ya kuthibitisha kwamba amesajiliwa muhula huo. Mwanafunzi Mkenya ambaye jina lake limekosekana kwenye orodha hupoteza muhula. Mgeni huanza kuhesabu pia siku za kuruhusiwa kukaa nchini.

Katika dirisha la ofisi ya msajili alimkuta mama wa makamo aliyevaa miwani.

"Shikamoo mama."

Mama yule aliinua macho kutoka kwenye kompyuta, akamtazama kidogo. "Marahaba. Wewe ni wa Tanzania. Haya, niambie."

Rehema alieleza, akainua simu na kuonyesha picha aliyoituma kwenye kundi. Karani hakuipokea simu.

"Usinionyeshe. Nisomee."

"Nisome nini, mama?"

"Kila kilichoandikwa humo, kuanzia juu hadi chini. Usiruke hata neno moja."

Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu na mtu alishaanza kuguna, lakini mama yule alitulia kana kwamba hana mteja mwingine. Rehema alianza kusoma. Alisoma majina ya yuniti, moja baada ya nyingine, pamoja na namba zake. Alifika chini, akasoma neno lililokuwa kwenye kitufe cha kijani: "Save". Alisita.

"Endelea."

"Imeishia hapo, mama. Juu niliikata."

"Juu ndiko hali ya usajili inakoandikwa. Hiyo nzima iko wapi?"

Alikuwa ameifuta. Simu yake ilikuwa ndogo na ilijaa kila wiki, na baada ya kuituma hakuona sababu ya kuendelea kuitunza. Alimwomba karani dakika chache, akasogea pembeni ya foleni, akampigia baba yake. Ilikuwa saa za soko. Alisikia makelele ya wapakiaji wa magunia kabla ya kuisikia sauti ya mzee.

"Shikamoo baba. Ile picha ya usajili niliyokutumia, bado unayo?"

"Marahaba. Ninayo kwenye simu, na kwenye jalada pia ipo. Kuna nini?"

"Naomba unisomee maandishi ya juu kabisa."

Mzee alichukua muda kuitafuta. Kisha alianza kusoma herufi kwa herufi, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha: jina la binti yake, namba ya usajili, mwaka wa masomo 2024/2025, salio la karo, ambalo alilisoma kwa sauti ya chini, na baada yake mstari mmoja uliokuwa na rangi ya machungwa. "Hapa pameandikwa S-T-A-T-U-S, halafu D-R-A-F-T. Hili neno niliona tangu siku ile, mwanangu. Nilidhani ni jina la darasa lenu."

Rehema alikaa kimya. Neno hilo lilikuwa kwenye picha aliyoipiga kwa mkono wake mwenyewe, lilisafiri hadi Muheza, likachapishwa kwenye karatasi na kutiwa kwenye jalada, na ni mzee asiyejua maana yake peke yake ndiye aliyelisoma.

Faili ilipofika, karani aliifungua kwenye kompyuta yake na kuiweka kando ya ile ya Zainabu, ambayo Rehema alikuwa bado nayo. Hapo tofauti ilionekana wazi. Picha ya Zainabu ilikuwa ya mwaka wa masomo 2023/2024, kabla chuo hakijabadilisha potali, na kitufe chake cha kijani kilikuwa kimeandikwa "Submit". Katika potali mpya kitufe cha kijani kilichokuwa pahali palepale kilikuwa "Save", na "Submit" ilikuwa imehamishiwa juu, rangi ya kijivu, ikisubiri mwanafunzi aweke alama kwenye kisanduku cha kukubali masharti ndipo iweze kubonyezwa. Zainabu hakudanganya. Alitoa msaada wa kweli uliokuwa umepitwa na wakati, na Rehema alifuata rangi na mahali bila kusoma maandishi. Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu wanafunzi wengi wageni huishi kwa picha za namna hii, wakipokezana kutoka kwa aliyetangulia hadi kwa anayefuata, na ni nadra mtu kuuliza picha ilipigwa lini.

"Save huweka uchaguzi wako kwenye akaunti yako tu," karani alimweleza. "Idara haioni kitu. Submit ndiyo inayopeleka kwa mkuu wa idara ili aidhinishe. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Sasa tazama jina la faili."

Faili ya baba ilikuwa imebaki na jina ambalo simu ya Rehema iliipa siku ya kwanza: Screenshot_20240913-165207.png. Karani aliweka kalamu chini ya tarakimu za mwisho. Tarehe 13 Septemba 2024, saa kumi na dakika 52 jioni, dakika nane kabla ya kufungwa. Ile ya kundini ilikuwa imebadilishwa jina na WhatsApp, na tena saa ya simu iliyoandikwa juu ya skrini ilikuwa imekatwa pamoja na salio.

"Jina la faili mtu anaweza kulibadilisha, kwa hiyo peke yake halitoshi," mama alisema. "Lakini linanipa dakika ya kutafuta kwenye mfumo wetu." Aliandika, akasubiri, kisha akageuza skrini ili Rehema aone. Kumbukumbu za potali zilionyesha kwamba akaunti yake ilihifadhi yuniti sita dakika ileile.

Mama alimpa maelekezo: aandike barua kwa mkuu wa kitivo kuomba usajili wa kuchelewa, aambatishe picha nzima, na alipe faini. Barua aliiandika jioni hiyo, na ndani yake hakuilaumu potali wala Zainabu. Baba aliuza machungwa kwa bei ya hasara ili faini ipatikane kabla ya Ijumaa, jambo ambalo Rehema alilijua baadaye kutoka kwa mama yake.

Ombi lilikubaliwa na potali ikafunguliwa kwa ajili yake kwa siku mbili. Safari hii alikwenda saiba, akatumia skrini kubwa. Aliweka alama kwenye kisanduku, akasoma neno lililokuwa kwenye kitufe, akalibonyeza, akapiga picha ya ukurasa wote na kuanza kuusoma kutoka juu. Hali ilikuwa "SUBMITTED – PENDING APPROVAL". Otieno alipompigia kumuuliza kama ameshamaliza, alimjibu kwamba ametuma na bado hajaidhinishwa. Asubuhi ya siku ya tatu ilikuwa "APPROVED", na yuniti zilikuwa sita. Picha hiyo aliituma Muheza kama faili, safari hii akiwa ameandika maana ya kila neno la Kiingereza kwa Kiswahili ili mzee aijue nyaraka anayoitunza. Barua ya Uhamiaji ilitoka wiki iliyofuata.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, kijana wa Korogwe aliyehamia chuoni humo kutoka Dodoma alimwomba ile picha yenye duara jekundu, ambayo bado ilikuwa ikizunguka miongoni mwa Watanzania. Rehema alimwambia asiitumie. Alimpigia nyingine mpya, akaandika juu yake mwaka wa masomo na tarehe, na chini yake akaongeza: "Rangi inaweza kubadilika. Soma neno."

Usiku kijana alimtumia picha yake. "Tayari, dada. Ahsante sana."

Rehema aliikuza. Jina lilikuwa sahihi, na namba pia. Mwaka ulikuwa 2024/2025, hali "SUBMITTED – PENDING APPROVAL". Alihesabu mistari ya yuniti, akarudia kuhesabu, kisha akaandika:

"Ulichagua yuniti ngapi?"

"Sita."

"Hapa naona tano. Ya takwimu haimo. Usajili unafungwa kesho saa kumi na moja jioni, kwa hiyo fika kwa msajili asubuhi mapema. Dirisha la kwanza kuna mama mwenye miwani. Mwamkie, na uwe na picha nzima."