Tanzia na Ratiba ya Mazishi: Mwalimu Eliamani Ndekirwa Mtui (Mzee Karabai)

Familia ya marehemu Mzee Ndekirwa Mtui wa Marangu, Moshi Vijijini, inasikitika kutangaza kifo cha baba, babu na kaka yao mpendwa, Mwalimu Eliamani Ndekirwa Mtui, kilichotokea Jumanne, 11 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 81.

Majina na vyeo vyake

Eliamani ni jina la ubatizo, Ndekirwa la baba yake, Mtui la ukoo. Vyeti vyake vya ualimu vinasomeka Elia N. Mtui, ni yeye yule. Nyumbani aliitwa Baba Elifuraha, na wajukuu walimwita Babu Kahawa.

Karabai alipewa na wanafunzi wake watu wazima. Mwaka 1970, ulipotangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, alifundisha kusoma na kuandika jioni, akipanda mlima na karabai mkononi na kibiriti kwenye mfuko wa shati. Kuna kina mama waliojifunza kuandika majina yao chini ya taa ile, na wawili kati yao bado wako nasi kijijini.

Alikuwa Mwalimu Mkuu Mstaafu na Mzee wa Kanisa. Vijana wa stendi walimwita “Mchungaji” kwa sababu ya lile koti lake jeusi, naye aliitika tu. Hakuwa mchungaji, kwa hiyo cheo hicho hakimo humu wala msalabani. Msalaba utasomeka: Mwalimu Eliamani Ndekirwa Mtui, 1943–2024. Watoa salamu wanaombwa kumtaja hivyo kwanza, Karabai baadaye.

Wasifu kwa ufupi

Alizaliwa 3 Mei 1943. Alisomea ualimu Chuo cha Ualimu Marangu, akaanza kazi mwaka 1964 na kustaafu 2003. Ameacha mjane, Mama Elifuraha, watoto watano na wajukuu kumi na mmoja.

Ratiba, Jumamosi 15 Juni 2024

Saa 2:00 asubuhi: Mwili kuchukuliwa mochwari, Moshi mjini.
Saa 4:00: Kuwasili nyumbani, sala fupi na chai.
Saa 5:00: Kuaga mwili. Wanafunzi wake wa zamani watatangulia, kama alivyoagiza mwenyewe.
Saa 6:30 mchana: Wasifu, utasomwa na binti yake Aikande. Salamu za ukoo, walimu wastaafu na majirani, dakika tatu kila mmoja. Mshereheshaji atakata, tusilaumiane.
Saa 7:30: Ibada ya mazishi.
Saa 9:00 alasiri: Mazishi kihambani, kando ya kaburi la baba yake.
Saa 10:00: Chakula.

Matanga yataanuliwa Jumatatu, 17 Juni, saa 4:00 asubuhi, na kikao cha ukoo kitafuata hapohapo.

Rambirambi zipokelewe na mweka hazina wa kamati ya mazishi, kwenye meza iliyo langoni. Wanaotoka Arusha washuke Himo. Kosta la familia litawasubiri hadi saa 3:30 asubuhi, kisha litapanda.