YAH: MADAI YA FIDIA YA MOTO, BIMA NA. MBY/MOTO/2024/0417

T. Mwakalinga,
Duka la Vitenge na Mablanketi,
Mwanjelwa, Mbeya.
14 Julai 2025

Meneja wa Madai,
Tawi la Mbeya.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Usiku wa 9 Julai 2025, saa 8, moto ulioanzia chumba cha jirani uliteketeza duka langu. Nilitoa taarifa kwenu kwa simu asubuhi yake.

Vimeungua vitenge doti 310 (Sh 3,720,000), mablanketi 85 (Sh 2,975,000), cherehani 2 (Sh 1,100,000), pamoja na rafu, kaunta na mlango (Sh 1,450,000). Jumla ni Sh 9,245,000. Bei ni za kununulia, si za kuuzia. Mablanketi niliyaongeza Juni kwa sababu ya baridi, ndiyo maana stakabadhi zake ni mpya.

Naambatisha nakala ya bima, ripoti ya Zimamoto, RB ya polisi, leseni, stakabadhi za EFD na picha. Daftari la mauzo liliungua. Nimeweka miamala ya simu badala yake.

Mabaki sijayagusa. Naomba mkaguzi afike mapema, mwenye nyumba anataka kusafisha.

Wako mtiifu,
T. Mwakalinga