Kazi: Mtunza stoo, duka la vifaa vya ujenzi, Buguruni

Kazi yako kubwa ni kujua kilichoingia na kilichotoka, yaani lori likija unahesabu mwenyewe saruji, nondo na mabati kabla hujasaini delivari, na kila jioni unalinganisha daftari na kompyuta, zikipishana unamwambia meneja siku hiyohiyo. Kupakia ni kazi ya vijana wa mzigo, wewe usibebe mifuko ya kilo 50.

Mwanamke au mwanaume, fomu foo inatosha, uzoefu wa stoo mwaka 1. Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi mpaka 10 jioni. Mshahara 450,000 kwa mwezi, NSSF ipo, mkataba wa maandishi.